Tochi Inayofifia na Tochi Inayozimika Ghafla

Mlinzi wa usiku aliyezoea tochi ya bati ya betri mbili kubwa hahitaji kuambiwa betri zimefikia wapi. Anaangalia rangi tu. Betri zikiwa mpya, mwanga ni mweupe wenye umanjano kidogo. Siku zinavyokwenda umanjano unazidi, kisha unaingia wekundu, na mwishowe anaweza kuutazama uzi wa glopu kwa macho makavu bila kuumia. Hapo tochi haimuliki hata miguu yake, lakini bado haijazima, na yeye ameshapata muda wa kutosha wa kupita dukani.

Mpe mlinzi huyohuyo tochi mpya ya LED, nzuri, isiyozidi kiganja, inayotumia betri moja ya AA. Saa ya kwanza inawaka vizuri. Inayofuata inawaka vilevile. Halafu, bila kufifia wala kubadilika rangi, inamzimikia akiwa katikati ya uzio na geti. Akiizima akaiwasha tena baada ya dakika chache, inawaka kwa nguvu zake zote, anashangilia, inazima tena.

Wengi wakiona hivyo huamua kwamba tochi ni mbovu au betri ni feki. Betri feki zimejaa madukani, sikatai, ila hapa hazihusiki. Tochi zote mbili zinapokea kitu kilekile, yaani umeme unaopungua nguvu kila dakika. Tofauti iko kwenye mahali upungufu huo unapoonekana. Kwenye tochi ya zamani unaonekana kwenye mwanga. Kwenye tochi mpya kuna saketi inayouziba, na gharama ya kuuziba inatozwa betri yenyewe.

Tuanze na betri. Ile ya zinki na kaboni, ya aina iliyokuwa ikitoka kwenye kiwanda cha Eveready cha Nakuru mpaka kilipofungwa mwaka 2014, huandikwa ubavuni volti 1.5. Namba hiyo ni ya siku za mwanzo. Kadiri betri inavyotumika, volti zinateremka taratibu: 1.4, 1.3, 1.2, hadi ikifika karibu na 0.9 watu huihesabu kuwa imekwisha. Hakuna mahali inaposimama. Ni mteremko kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kuna badiliko la pili ambalo halionekani kirahisi, na ndilo linaloamua mengi katika habari hii. Ndani ya betri umeme nao una njia ya kupita, na njia hiyo ina ukinzani wake. Betri ikiwa mpya ukinzani ni mdogo. Zinki inavyoliwa, na dawa nyeusi iliyo katikati inavyogeuka kuwa kitu kingine kisichopitisha umeme vizuri, ukinzani unaongezeka. Maana yake ni kwamba kila ukivuta mkondo, sehemu ya volti inapotelea ndani ya betri kabla haijafika kwenye tochi, na ukivuta mkondo mkubwa zaidi, zinapotea nyingi zaidi. Kwa hiyo fundi anayeipima betri ikiwa imelala mezani anaweza kusoma volti 1.3 na kusema ni nzima, lakini ukiitia kazini inashuka hadi 1.0 palepale. Betri hupimwa ikiwa inafanya kazi.

Hapo ndipo penye maelezo ya ile desturi ya kuanika betri juani. Inafanya kazi, kwa kiasi chake. Joto hufanya kemikali zitembee kwa wepesi zaidi, hivyo ukinzani wa ndani unapungua, na mapumziko yenyewe huzipa kemikali zilizochoka kuzunguka kijiti cha kaboni nafasi ya kusambaa upya. Hakuna nishati iliyoongezwa. Ile iliyobaki imepata tu njia rahisi ya kutokea, na betri ikipoa na kutumika kidogo, mambo yanarudi yalivyokuwa. Kuziweka jikoni karibu na moto ni jambo jingine. Kopo la betri hizi ndilo zinki yenyewe, na kwenye betri iliyotumika sana kopo hilo limeshakuwa jembamba. Likipata moto litavuja au kupasuka.

Sasa chukua tochi ya glopu na uitazame inavyoupokea mteremko huo. Betri mbili mpya zinatoa volti 3. Uzi wa glopu unawaka kwa sababu una joto kali, na mwanga wake hauendi sambamba na volti. Volti zikishuka kutoka 3 hadi 2.4, yaani moja ya tano tu, mwanga unapungua kwa zaidi ya nusu. Uzi umepoa, na uzi uliopoa hutoa joto jingi na mwanga kidogo, tena mwanga uliosogea upande wa wekundu. Ndiyo ile rangi anayoisoma mlinzi.

Lakini angalia upande wa pili, upande wa betri. Volti zikishuka, mkondo unaopita kwenye glopu unashuka pia. Betri iliyochoka inatakiwa kutoa kidogo kuliko ilivyokuwa ikitoa ilipokuwa mpya. Mzigo unapungua pamoja na nguvu za mbebaji. Kwa sababu hiyo hakuna siku inayofika mahali pa kushindwa kwa ghafla, ila inazidi kupungua mpaka huoni kitu.

Tochi nyingi za bei rahisi za LED, zile za betri tatu ndogo, zinafuata tabia hiyohiyo, ingawa hazina uzi. Ndani yake hakuna saketi ya kudhibiti chochote. Kuna betri tatu, swichi, LED, na labda kipande kimoja cha ukinzani, na mara nyingine hata hicho hakipo. LED nyeupe inahitaji karibu volti 3 ili iwake. Betri tatu mpya zinatoa 4.5. Tuseme ukinzani wote njiani, pamoja na ule wa ndani ya betri, ni omu 5, na LED imeshika volti 3.1. Zinabaki volti 1.4 za kusukuma mkondo, na zinasukuma miliampea 280. Betri zikifika volti 1.2 kila moja, jumla ni 3.6. LED sasa inashika kama 2.9, inabaki 0.7, na mkondo unakuwa 140. Volti zimepungua kwa moja ya tano, mkondo umekatika nusu. Zikifika 1.0 kila moja, LED inabaki na miliampea 50 hivi. Na nimeuchukulia ukinzani kana kwamba haubadiliki. Ukiongezeka, kama unavyoongezeka kweli, mambo yanakuwa dhaifu zaidi. Rangi haigeuki nyekundu kama ya glopu, kwa hiyo mtumiaji hana hata ile alama ya zamani. Anakwenda na mwanga unaopungua bila kujua.

Tochi yenye udhibiti imetengenezwa kwa nia ya kuondoa mteremko huo. Aliyeibuni amesema: mwenye tochi amenunua mwanga wa kiasi fulani, apate kiasi hicho tangu mwanzo hadi mwisho. Ndani ya kichwa cha tochi kuna kibao kidogo chenye koili na swichi ya kielektroniki inayofunguka na kufunga maelfu mengi ya mara kwa sekunde. Swichi ikifunga, koili inajaa nishati kutoka kwenye betri. Ikifunguka, koili inaitema nishati hiyo kwa volti kubwa zaidi, inayotosha LED. Kisha kibao hicho kinaupima mkondo unaofika kwenye LED, na ukipungua kidogo tu, kinaongeza muda wa kujaza koili hadi mkondo urudi palepale. LED haijui lolote kuhusu hali ya betri.

Ila wati hazizuliwi. Ili LED ipate kiasi kilekile, betri lazima itoe kiasi kilekile, na kama volti zimepungua, kinachobaki kuongezwa ni mkondo. Ni kama mchota maji ambaye ndoo yake inapungua ukubwa kila siku huku pipa likitakiwa lijae kwa saa ileile: hana budi kuongeza safari. Volti ni ukubwa wa ndoo, mkondo ni idadi ya safari. Kwa hiyo hapa mzigo unapanda wakati nguvu za mbebaji zinashuka, kinyume kabisa cha tochi ya glopu.

Tufanye hesabu ya tochi ya yule mlinzi. LED yake inatumia wati 0.9. Saketi yenyewe inapoteza kidogo njiani, kwa hiyo inavuta wati 1.05 kutoka kwenye betri. Betri ni moja ya alkali, mpya, yenye volti 1.5 na ukinzani wa ndani wa omu 0.15. Ukipiga hesabu, mkondo unaohitajika ni ampea 0.76 hivi, na betri ikiwa kazini inabaki na volti 1.39 mdomoni. Iko sawa, na ina akiba kubwa.

Baada ya muda volti za ndani zimeshuka hadi 1.4 na ukinzani umepanda hadi 0.2. Saketi bado inadai wati 1.05. Sasa inabidi ivute ampea 0.85, na mdomoni zinabaki volti 1.23. Mwanga ni uleule. Muda unakwenda. Volti za ndani ni 1.2, ukinzani 0.3. Mkondo umefika ampea 1.29, na mdomoni mwa betri imebaki volti 0.81 tu. Theluthi ya nguvu ya betri inaishia kuipasha moto yenyewe. Mwanga? Uleule. Mwenye tochi haoni tofauti yoyote.

Sasa sogea hatua moja ndogo. Volti bado 1.2, ukinzani umeongezeka kutoka 0.3 hadi 0.4. Ukitafuta mkondo utakaotoa wati 1.05 hutaupata, kwa sababu haupo. Kila betri ina kiwango cha juu kabisa cha wati inachoweza kutoa, na hupatikana kwa kuzidisha volti za ndani kwa zenyewe kisha kugawa kwa ukinzani mara nne. Betri mpya ya mfano wetu ilikuwa na kikomo cha wati 3.75. Ilipofika 1.2 na 0.3, kikomo kilikuwa wati 1.2, kiasi cha kutosha kwa shida. Kwa 1.2 na 0.4 kikomo ni wati 0.9. Saketi inadai 1.05.

Kinachofuata huchukua muda mfupi sana. Saketi inaona mkondo wa LED umepungua, inavuta zaidi. Kuvuta zaidi kunaangusha volti za mdomoni. Volti zikianguka wati zinapungua badala ya kuongezeka, kwa hiyo saketi inavuta zaidi tena. Volti zinaporomoka hadi chini ya kiwango ambacho kibao chenyewe kinaweza kufanyia kazi, na taa inazima. Dakika moja kabla, mwanga ulikuwa kamili.

Kwa hiyo betri ya mlinzi haikuwa tupu. Ilikuwa bado ina nishati, ila haikuweza kuitoa kwa kasi iliyotakiwa. Ndiyo sababu inawaka tena ikipumzika. Mkondo ukikatika, kemikali zinajipanga, volti zinapanda, na kikomo kinarudi juu ya 1.05 kwa muda kidogo. Ndiyo sababu pia betri iliyokataliwa na kamera au tochi kali huweza kuendesha rimoti au saa ya ukutani kwa miezi. Saa inataka chini ya miliampea moja kwa wastani, na kwa mkondo mdogo namna hiyo ukinzani wa ndani hauhesabiki.

Aina ya betri nayo ina sehemu yake. Zile za kuchaji za nikeli, zinazoandikwa volti 1.2, hazina mteremko mrefu. Zinakaa karibu na 1.2 kwa sehemu kubwa ya maisha ya chaji moja, kisha zinaanguka. Hata tochi isiyo na udhibiti ikitiwa betri hizo itakaribia tabia ya kuwaka sawasawa na kuzima haraka. Betri za litiamu za kuchaji zina sababu nyingine ya kukata ghafla, ambayo ni usalama. Seli hujaa kwa volti 4.2, na ikishushwa chini sana huharibika na inaweza kuwa hatari ikichajiwa tena. Kwa hiyo huwekewa kibao cha ulinzi kinachokata umeme wote zikifika karibu volti 2.5, na tochi nyingi hukata mapema zaidi, kama kwenye 3. Hapo giza limeletwa kwa makusudi.

Simu inayozima ikionyesha asilimia 15 ni ndugu wa tochi hii. Betri yake imezeeka, ukinzani wa ndani umekuwa mkubwa, na mara tu unapofungua kamera, volti zinachota chini ya mpaka. Mwaka 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya simu zake zenye betri zilizozeeka ili zisizime ghafla. Wateja walikasirika kwa kutoambiwa, na walikuwa na haki. Lakini dawa yenyewe ndiyo ileile wanayotumia watengenezaji wa tochi walio makini: betri ikikaribia kikomo, punguza madai. Tochi nzuri haisubiri kuporomoka. Saketi yake inapima volti, na zikifika kiwango fulani inateremsha mwanga hatua moja, halafu nyingine, au inapepesa mara chache kumwonya mwenyewe. Kutoka wati 1.05 kushuka hadi 0.3, ile betri ya volti 1.2 na omu 0.4 inapata nafuu ya kuendelea kwa muda mrefu. Ukinunua tochi yenye udhibiti, sifa hii ina thamani kuliko ukali wa mwanga unaotangazwa kwenye boksi.

Na kwa habari ya boksi, kuna namba moja ya kuitilia shaka. Kiwango kinachoitwa FL1, kilichotolewa Marekani mwaka 2009 na kinachochapishwa kwenye tochi nyingi, kinahesabu muda wa kuwaka hadi mwanga ufike asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa tochi yenye udhibiti kamili muda huo ni karibu wote wa mwanga uliolipia. Kwa tochi isiyo na udhibiti, boksi likisema saa 30, unaweza kupata saa chache za mwanga mzuri na zilizobaki zote ukiwa kwenye ule mkia mrefu wa kufifia. Maboksi mawili yataandikwa saa zilezile, na tochi mbili zisifanane hata kidogo.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba yenye udhibiti ni bora kwa kila mtu. Jicho lina namna yake. Mwanga ukipungua nusu, jicho haliuoni kama nusu, na likiwa gizani linajifungua taratibu kufuata mwanga unaopungua. Aliye na tochi inayofifia anakuwa ameshazoea giza kabla tochi haijamwacha. Aliye na tochi kali inayozima ghafla ana macho yaliyozoea mwanga mkali, na jicho huchukua kama nusu saa kulizoea giza kikamilifu. Kwa daktari anayechungulia koo la mtoto, au fundi aliye chini ya gari, mwanga usiobadilika ndio unaotakiwa. Kwa mvuvi aliye mbali na pwani au mtu anayevuka bonde usiku, ningependelea tochi inayotoa taarifa mapema, au ile ya udhibiti ikiwa na betri ya akiba mfukoni.

Kuitambua uliyonayo si kazi. Ikiwa ni ya LED nyeupe na inatumia betri moja ya volti 1.5, lazima ina saketi ya kupandisha volti, maana volti 1.5 hazitoshi kuwasha LED hiyo. Hilo halithibitishi kwamba mwanga unashikiliwa, kwa kuwa zipo saketi rahisi zinazopandisha tu bila kupima chochote, nazo hufifia. Jaribio la uhakika ni kutia betri mpya, kumulika ukuta, na kupiga picha kwa simu ukiwa umefunga kipimo cha mwanga cha kamera kisijirekebishe. Kisha tia betri zilizotumika hadi nusu, simama palepale, piga nyingine. Picha zikilingana, tochi yako ni ya kuzima ghafla.

Ukishaijua hivyo, usichanganye ndani yake betri mpya na iliyotumika. Tochi yenye udhibiti ya betri mbili itaendelea kudai wati zake, na ile dhaifu ikiisha kabla ya mwenzake, mkondo wa ile nzima utalazimishwa kuipitia mpaka volti zake zigeuke upande wa pili. Betri iliyofikishwa hapo huvuja. Zilizochoka pamoja zitoe pamoja, uzihamishie kwenye saa ya ukutani ukitaka kuzimaliza, na uzichungulie mara kwa mara, kwa sababu umajimaji unaotoka kwenye betri zilizokamuliwa hula vibati vya saa vilevile unavyokula vya tochi.